Barua ya kumkaribisha mwanafunzi aliyeugua kwa muda mrefu: aandikiwe nini, na nini kiachwe

Swali: Mimi ni mwalimu wa darasa la nne. Mwanafunzi wangu wa miaka 10 amekuwa nje ya shule kwa miezi minne kwa sababu ya ugonjwa wa figo, na mama yake amenijulisha kwamba atarudi baada ya wiki mbili, siku ya Jumatatu. Nataka kumwandikia barua ya kumkaribisha, lakini kila ninapoanza najikuta naandika maneno ya pole ambayo hata mimi mwenyewe hayanigusi. Nimwandikie nini hasa, na nichunge nini?

Jibu:

Mwalimu mwenzangu, maneno ya pole hayakugusi kwa sababu yanatazama nyuma, kwenye ugonjwa, ilhali mtoto anayerudi darasani anatazama mbele, tena si mbali zaidi ya saa mbili za kwanza za Jumatatu hiyo. Barua itakayomfaa ni ile inayomweleza saa hizo mbili zitakavyokwenda, kwa undani wa kutosha ili usiku wa Jumapili, akiwa yu macho kitandani, aweze kuziona zikipita moja baada ya nyingine bila kukwama mahali. Mengine yote, pamoja na mapenzi uliyo nayo kwake, yatajionyesha humo humo bila kutangazwa.

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watoto waliolazwa kwa muda mrefu, kitanda hadi kitanda, na nilikuwa nao katika wiki ya mwisho kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Nilitarajia waulize kuhusu mitihani, lakini hawakuuliza. Msichana mmoja wa umri wa mwanafunzi wako alitaka kujua kama kuna mtu amekalia dawati lake, na kama yupo, je, mwalimu atamwondoa mbele ya darasa zima siku atakapoingia yeye. Hakuwa akililia dawati. Alichoogopa ni kuwa sababu ya mwenzake kuhamishwa hadharani. Mvulana mwingine alikuwa akitembea kwenye ujia wa wodi huku akihesabu hatua kwa sauti ya chini. Nilipomuuliza alinieleza kwamba kutoka lango la shule yao hadi darasani ni hatua zaidi ya 200, naye kwa sasa akifika 120 miguu inaanza kutetemeka, kwa hiyo anatafuta mahali pa kuinama ambapo wenzake watadhani anafunga kamba za viatu.

Maswali ya namna hiyo mtoto hamwulizi mwalimu wake, kwa kuwa yanaonekana madogo mno na ya aibu. Barua nzuri huyajibu kabla hayajaulizwa.

Kwa hiyo usianze na kalamu. Anza na mazungumzo na mama yake, na uwe na mambo matatu ya kumwuliza. La kwanza, mtoto mwenyewe anataka wenzake waambiwe nini. Sisemi mama anataka nini, maana mara nyingi hawa wawili hawakubaliani. Mama anaweza kutaka darasa zima lijue kila kitu ili mtoto ahurumiwe, na mtoto asitake hata jina la ugonjwa litajwe. Katika jambo hili neno la mtoto ndilo litangulie, ingawa wewe na walimu wengine wanaomfundisha mtahitaji kujua zaidi ya wanafunzi. La pili, ni dawa gani anazotumia sasa na zinamfanya nini katika saa za shule. La tatu, daktari amesema abaki shuleni saa ngapi kwa siku za mwanzo, na siku zipi za kliniki zimekwisha kupangwa.

Hukutaja ni ugonjwa upi wa figo. Mmoja ulio wa kawaida kwa watoto, na unaoweza kumweka mtoto nje ya shule kwa miezi, ni ule ambao vichujio vya figo huachia protini ya damu ipite kwenye mkojo. Maji hubaki mwilini, na mtoto huamka macho yamevimba, kisha uvimbe hushuka kwenye miguu na tumbo. Nitauchukua huo kuwa mfano. Ukiambiwa ni mwingine, badilisha maelezo na ufuate njia ile ile.

Dawa yake kuu ni prednisoloni, ambayo ni mojawapo ya dawa za steroidi. Kwa kawaida hutolewa kila siku kwa wiki 4 hadi 6, kisha siku moja ndiyo siku moja hapana kwa wiki kadhaa zaidi, huku kipimo kikipunguzwa. Dawa hiyo huzuia protini isivuje, lakini ina mambo yake. Mashavu hujaa na uso ukawa wa mviringo, kiasi kwamba mtu aliyemwona mara ya mwisho miezi minne iliyopita anaweza kusita kumtambua. Njaa humshika mara kwa mara. Usingizi hukatika, na hasira au machozi huja karibu kuliko zamani, jambo ambalo mwalimu asiyejua hulichukua kuwa ni kudeka. Kinga ya mwili nayo hupungua. Na kama bado anapewa vidonge vya kupunguza maji mwilini, atahitaji kwenda msalani mara nyingi na bila kungoja.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo litakalokuzuia kuandika neno ambalo mikono ya walimu wengi hulikimbilia. Wengi wa watoto wenye ugonjwa huu huvimba tena angalau mara moja baada ya kupata nafuu. Hali hiyo hutibika, na watoto wengi hatimaye huachana na ugonjwa kadiri wanavyokua, lakini anayerudi darasani kwako Jumatatu hiyo hajapona kwa maana ambayo wanafunzi wenzake wanalielewa neno hilo. Yuko katika nafuu, na mkojo wake bado unapimwa nyumbani au kliniki kila mara.

Sasa tazama barua ambayo nadhani inafanana na ile uliyokuwa ukianza kuiandika. Naitunga mimi, lakini nimesoma nyingi za namna yake, na mbili tatu za mwanzo niliziandika kwa mkono wangu.

«Pole sana kwa kuugua. Tulikukumbuka na kukuwazia kila siku. Wewe ni shujaa wetu! Tunafurahi kwamba sasa umepona na mambo yatakuwa kama zamani. Usiogope wala usione aibu. Najua umekosa mengi, lakini ukijitahidi utawafikia wenzako. Darasa zima linakusubiri kwa hamu.»

Hakuna ubaya wa nia katika maneno hayo, lakini yasome kwa macho ya mtoto mwenye uso uliojaa. «Umepona» ni kauli ambayo yeye anajua si kweli, na akivimba tena mwezi ujao ataona kama amekuvunjia ahadi. «Kama zamani» nayo inavunjika mara tu anapojitazama kwenye kioo. «Shujaa» inamnyima ruhusa ya kulia saa nne asubuhi akichoka, kwa kuwa mashujaa hawalii. «Usione aibu» inamwambia kwamba kuna jambo la kuonea aibu, na kwamba wewe umeliona. «Ukijitahidi utawafikia» inamkabidhi deni la miezi minne bila kumwambia ni la kiasi gani wala litalipwaje, na deni lisilo na kiasi ndilo linalokosesha usingizi. Ama «darasa zima linakusubiri», kwa mtoto anayetamani kuingia bila kutazamwa, hilo ni jozi 40 za macho.

Jaribu basi hii ifuatayo. Majina nimeyabuni, na mambo ya darasani utayabadilisha yalingane na ya kwenu.

«Mpendwa Tumaini,

Mama amenieleza kwamba Jumatatu utarudi darasani, nami nimefurahi. Nimeona nikueleze mapema jinsi asubuhi hiyo itakavyokuwa.

Usipitie mstarini. Njoo moja kwa moja darasani. Nitakuwa ndani tangu saa moja na nusu. Dawati lako ni lile lile, na Subira bado anakaa kushoto kwako. Kitu kimoja kimebadilika: ubao umehamishiwa ukuta wa nyuma, kwa hiyo sote tumegeuka, na dirisha sasa liko mkono wako wa kulia.

Nimewaambia wenzako yale tu ambayo wewe na mama mlikubali: kwamba ulikuwa unaumwa figo, kwamba ugonjwa huo hauambukizi, na kwamba dawa unayotumia imeujaza uso wako kwa muda. Mtu akikuuliza zaidi, unaweza kumjibu, "Ni dawa," ukaendelea na ulilokuwa ukifanya.

Ukihitaji kwenda msalani, weka kadi ya kijani iliyo ndani ya bahasha hii juu ya dawati, kisha utoke. Huna haja ya kunyosha mkono wala kungoja. Walimu wote wanaoingia darasani kwetu wanaifahamu.

Wiki ya kwanza utakuwa nasi hadi mapumziko ya saa nne, halafu mama atakuja kukuchukua. Ukichoka kabla ya hapo, niambie tu.

Hutanakili madaftari ya miezi iliyopita. Katika Hisabati tumefika kwenye sehemu, na wewe na mimi tutaanza na jedwali la saba na la nane, dakika kumi kila siku.

Ule mharagwe ulioupanda kwenye kopo ulikauka, lakini Subira alitoa mbegu tatu na kuzifunga kwenye karatasi. Ziko kwenye droo yangu.

Kama Jumatatu mwili utakuwa haujakaa sawa, utakuja siku nyingine. Dawati litakuwa palepale.

Mwalimu wako»

Ni barua ya ukurasa mmoja, maneno 200 na kidogo, na mtoto wa miaka 10 anaweza kuisoma peke yake bila kusaidiwa. Iandike kwa mkono, kwa herufi zile zile unazotumia ubaoni. Bahasha iwe na jina lake, si la mama, ingawa mama atakuwa amekwisha kujua yaliyomo. Mpelekee Jumatano au Alhamisi kabla ya Jumatatu yenyewe. Ukiituma wiki mbili mapema, kuna uwezekano mkubwa kwamba kliniki itabadilisha mipango na barua itakuwa imesema uongo kabla hajafika. Ukimwekea juu ya dawati asubuhi ya kurudi, itakuwa imechelewa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa usiku uliotangulia, na isitoshe atalazimika kuisoma huku akitazamwa.

Niruhusu nikae kidogo kwenye mambo mawili ya barua hiyo, kwa kuwa ndiyo yanayoharibika zaidi.

La kwanza ni uso. Walimu wengi hupenda kulikwepa jambo hili, wakiona kulitaja ni kumkumbusha mtoto jambo ambalo huenda amelisahau. Hajalisahau. Kama barua inazungumzia dawati na dirisha lakini iko kimya kuhusu uso, ataelewa kwamba mwalimu naye hajui la kusema, na basi kila mtu atakuwa hajui la kusema. Taja uso mara moja, kwa sentensi moja iliyonyooka, pamoja na sababu yake na kwamba ni wa muda, kisha pita. Ni kweli kwamba mashavu hupungua dawa inapopunguzwa, ila huchukua wiki hadi miezi, kwa hiyo usiandike «karibuni tu utarudi ulivyokuwa». Jibu fupi la kumpa aliseme, yaani «Ni dawa,» lina faida ambayo sikuitambua hadi nilipowaona watoto wakilitumia: linamwezesha kumaliza mazungumzo bila kukimbia wala kugombana. Mwombe mama ampe nafasi ya kulisema kwa sauti mara mbili tatu nyumbani, kwa maana neno lililopita mdomoni huja lenyewe linapohitajika.

Upande wa pili wa jambo hilo uko darasani. Siku moja au mbili kabla ya kuipeleka barua, waambie wanafunzi sentensi zile zile tatu zilizo kwenye barua, neno kwa neno, ili alichoambiwa yeye na walichoambiwa wao kisipishane. Hapo hapo waruhusu waulize. Mmoja atauliza kama wakikaa naye wataambukizwa, na jibu ni hapana, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni hitilafu ya vichujio vya figo na haupitishwi kwa kugusana, kula pamoja wala kutumia choo kimoja. Mwingine atauliza kama anaweza kufa. Usicheke wala usikaripie. Sema kwamba madaktari wanamtibu, dawa inafanya kazi, na ndiyo maana anarudi. Ikiwa mtoto amekataa ugonjwa utajwe, sema tu kwamba alikuwa mgonjwa, kwamba hauambukizi, na kwamba uso wake umejaa kwa sababu ya dawa, kisha ufanye barua ilingane na hayo.

La pili ni deni la masomo. Miezi minne ya darasa la nne haiwezi kulipwa yote, wala haihitaji. Katika Hisabati tafuta kile ambacho mada ya sasa imekiegemea. Kama darasa liko kwenye sehemu, mtoto asiyekuwa na majedwali ya kuzidisha hataweza kugawanya, na asiyeweza kugawanya hataona kwa nini 6/8 ni sawa na 3/4. Kwa hiyo majedwali mawili anayokwamia yana thamani kuliko daftari zima la mazoezi yaliyopita. Katika lugha hali ni nyepesi zaidi, kwa sababu watoto wengi hospitalini husoma, na atakuwa amepoteza mwandiko na kasi kuliko uelewa. Maarifa mengine yaliyosimama yenyewe, yasiyoshikilia lolote mbele yake, yaache yapite. Nimeyataja haya ili uone kwa nini barua inasema «hutanakili madaftari» kwa uwazi namna hiyo. Bila sentensi hiyo, mzazi mwenye bidii ataazima madaftari ya jirani na kumkalisha mtoto mezani Jumamosi na Jumapili nzima, na Jumatatu utaletewa mtoto aliyekwisha kuchoka.

Nimetumia maneno «dakika kumi kila siku» kwa makusudi pia. Mtoto anaweza kuzipima dakika kumi.

Sasa nikueleze kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ni la barua na si la darasa. Katika shule moja niliyowahi kufundisha, nilimwandikia msichana aliyekuwa akirudi baada ya maradhi kama haya kwamba anaweza kutoka kwenda msalani wakati wowote. Niliandika vizuri, yeye akaisoma, akaamini. Siku ya tatu nilikuwa kwenye kikao, na mwalimu aliyeshika darasa kwa niaba yangu, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, alimwambia akae chini hadi kipindi kiishe. Alikaa. Nguo zake zililowa mbele ya wote, na hakurudi shuleni kwa siku nane. Mwalimu yule hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyetoa ahadi kwa niaba ya watu wasiojua kwamba wameahidi. Tangu hapo siandiki sentensi yoyote ya ruhusa kwenye barua ya mtoto kabla ya kuwaonyesha sentensi hiyo walimu wote wanaoingia darasani, pamoja na wale wanaoshika zamu, na kadi ya kijani ilizaliwa hapo: hata mgeni akiiona juu ya dawati huuliza kabla ya kukataa. Bandika karatasi ndogo yenye maelezo yake ndani ya jalada la rejista, mahali ambapo anayeita majina hawezi kuikosa.

Mantiki hiyo hiyo inahusu dawati. Ukiandika kwamba dawati ni lake, aliyekuwa amelikalia awe amekwisha kuhama wiki moja kabla, kimyakimya, pamoja na mabadiliko mengine ya nafasi ili asijione ameondolewa. Na ukiandika kwamba utakuwa darasani saa moja na nusu, uwe darasani saa moja na nusu.

Kuna mambo ambayo ni ya lazima lakini hayana nafasi katika barua ya mtoto. Yaandikie karatasi tofauti ya mama. Kubwa kuliko yote ni surua na tetekuwanga. Mtoto anayetumia prednisoloni kwa kipimo kikubwa anaweza kuugua vibaya akiambukizwa mojawapo, na kinga anayoweza kupewa hospitalini hufanya kazi ikiwa tu ameipata ndani ya siku chache tangu alipokaa na mgonjwa. Kwa hiyo mwahidi mama kwamba mwanafunzi yeyote akionekana na dalili za magonjwa hayo utampigia simu siku ile ile, bila kungoja ithibitishwe. Mwombe naye akuambie kama kuna chakula alichokatazwa, hasa chenye chumvi nyingi, na dalili za kumtazamia: macho yaliyovimba asubuhi, viatu au soksi zinazobana ghafla, homa, au maumivu ya tumbo. Dalili hizo si za kungoja saa za kwenda nyumbani. Dawa yenyewe isikatwe ghafla kwa sababu yoyote, hata kama mtoto analalamikia uso wake. Hilo ni la daktari.

Kuhusu barua za wanafunzi wenzake, ambazo nadhani umezifikiria, sizipendekezi zitoke pamoja na yako. Ishirini kati yake zitakuwa na maneno yale yale, na moja itakuwa na swali ambalo hutaki alisome usiku. Kama darasa lina hamu ya kuandika, mpe nafasi mwenzake mmoja au wawili wa karibu, uwaambie waandike habari za darasani tu, kama nani amevunja rula ya nani, kisha uzisome kwanza.

Utajuaje kama barua imefanya kazi? Usitazame tabasamu. Tazama kama Jumatatu anakwenda moja kwa moja kwenye nafasi yake bila kusimama mlangoni akikungoja umwonyeshe, na kama siku ya kwanza au ya pili ameitumia kadi. Asipoitumia kabisa, na hanywi maji, inaelekea anajizuia kunywa ili asihitaji kutoka. Nenda karibu naye, uiweke kadi juu ya dawati wewe mwenyewe, useme kwa sauti ya kawaida kwamba mahali pake ni hapo. Wiki ya kwanza humpita kwa furaha ya kuwaona wenzake. Uchovu hasa huonekana katika wiki ya pili, pale kila mtu alipokwisha kumzoea, na mara nyingi huja kwa sura ya ukaidi: anakataa kuandika, anasukuma daftari, anajibu kwa mkato. Hapo ndipo saa ya kwenda nyumbani, iliyokuwa saa nne, icheleweshwe taratibu, nusu saa kila siku kadhaa kwa makubaliano na mama, badala ya kumrukisha kutoka nusu siku hadi siku nzima kwa sababu tu ratiba ilisema hivyo.

Na ikitokea amevimba tena na kurudi hospitalini, mwandikie barua ya pili ndani ya siku tatu. Isifanane na ya kwanza, wala usimweleze tena asubuhi ya kurudi, kwa kuwa hakuna anayeijua tarehe. Mistari minne inatosha: kwamba umesikia, kwamba dawati halikaliwi na mtu, kwamba mmefika ukurasa gani, na kwamba kadi yake iko kwenye droo pamoja na zile mbegu.